Gari fleksi na mchanganyiko wa ethanoli: linakunywa lita ngapi zaidi, na ni bei gani inayolipa

Pale Kampene, katika teritware ya Pangi, kila lita ya esansi imesafiri mbali kabla ya kufika kwenye meza ya Kadhafi wa barabarani. Imepita mikononi mwa wengi, imepanda boti ao ndege ao lori, na mara nyingi kipande cha mwisho imekuja kwenye bidoni, nyuma ya moto. Ndiyo maana habari ya magari yanayotembea kwa pombe ya viwandani, yaani ethanoli, inasikilizwa na madereva na wafanyabiashara kwa masikio mawili. Wengine wanasema: kama pombe ni rahisi kuliko esansi, basi faida iko wazi.

Faida haiko wazi hivyo. Pombe inaweza kuwa na bei ndogo kwa lita na bado kumtoa mwenye gari feza nyingi kwa kilometa. Makala hii inaeleza kwa nini, namna ya kupima, na namna ya kutafuta ile bei ambayo hapo pande zote mbili zinalingana. Inaeleza pia kwa nini bei hiyo ya Kindu haiwezi kuwa sawa na ya Kampene.

Gari fleksi ni nini

Gari fleksi ni gari la esansi ambalo kiwanda kimelitengeneza liweze kutumia esansi tupu, ao esansi iliyochanganywa na ethanoli nyingi, ndani ya tanki moja. Dereva hahitaji kuchagua wala kufunga bomba moja na kufungua lingine. Anamimina kile alichopata, na gari linajipanga lenyewe.

Mchanganyiko unaojulikana zaidi unaitwa E85. Herufi E ni ya ethanoli, na namba inaonyesha ni sehemu ngapi kwa mia. Kwa hiyo E10 ni lita 10 za ethanoli katika lita 100, na E85 ni hadi lita 85. Ni vizuri kujua kwamba namba hiyo ya 85 haifuatwi sana kila mahali. Kule Ufaransa, mafuta yanayouzwa kwa jina hilo yanaweza kuwa na ethanoli kati ya 65 na 85 kwa mia, kufuatana na majira, kwa sababu wakati wa baridi kali pombe nyingi inafanya gari ligome kuwaka asubuhi.

Kujipanga kwa gari kunafanyika hivi. Esansi ili iungue vizuri inahitaji karibu kilo 14,7 za hewa kwa kila kilo moja. Ethanoli inahitaji kilo 9 tu, kwa sababu yenyewe tayari imebeba oksijeni ndani yake. Kwa hewa ile ile inayoingia kwenye mota, pombe lazima imiminwe nyingi zaidi. Kwenye bomba la moshi kuna sonda inayonusa kiasi cha oksijeni kilichobaki. Kama imebaki nyingi, sonda inaiambia kalkileta, ile kompyuta ndogo ya gari, nayo inaacha enjekta wazi kwa muda mrefu kidogo. Ni hiyo tu. Lakini ili hiyo iwezekane, enjekta na pampu lazima ziwe na nguvu ya kutoa mafuta mengi, na mipira na mabomba yote yawe ya aina ambayo pombe haiwezi kula.

Nchi iliyofanya jambo hili kuwa la kila siku ni Brazili. Ilianza programu yake ya pombe ya miwa mwaka 1975, baada ya bei ya petroli kupanda duniani. Katika miaka ya 1980 sehemu kubwa ya magari mapya kule yalikuwa ya pombe tupu. Kisha, karibu na mwisho wa miaka hiyo, pombe ikakosekana kwenye pompi, na watu wakabaki na magari yasiyoweza kutumia kitu kingine. Imani ikaanguka. Iliporudi, ilirudi kwa njia ya gari fleksi: mwaka 2003 Volkswagen ilileta Gol iliyoweza kutumia vyote viwili. Mwaka 2009 Honda ikaleta hata pikipiki ya namna hiyo, CG 150 Titan Mix. Somo ambalo Wabrazili walilipia ni kwamba nguvu ya fleksi iko katika uhuru wa kurudi kwenye esansi siku pombe imepanda bei ao imekosekana.

Kwa nini pombe inakwisha haraka

Lita moja ya esansi inabeba nishati ya karibu megajuli 32. Lita moja ya ethanoli safi inabeba karibu 21. Mtu anaweza kufikiri juu ya makala mbili za jikoni: gunia ni lile lile, lakini moja ni ya mti mgumu na nyingine ya mti mwepesi. Mwepesi unawaka, tena unawaka vizuri, lakini sufuria ya maharagi inahitaji mengi zaidi.

Katika E85 yenye lita 85 za pombe kamili na 15 za esansi, hesabu inatoa karibu megajuli 22,7 kwa lita. Ukigawanya 32 kwa 22,7 unapata 1,41. Maana yake, kwa nishati peke yake, gari lingehitaji lita 141 za mchanganyiko kwa kazi ya lita 100 za esansi tupu.

Barabarani pengo linakuwa dogo kidogo, mara nyingi kati ya 25 na 35 kwa mia. Kuna sababu tatu. Ya kwanza, esansi ambayo watu wanalinganisha nayo katika nchi nyingi tayari ina pombe kidogo ndani. Ya pili, mchanganyiko unaouzwa kama E85 mara nyingi haufiki 85. Ya tatu, pombe inavumilia mgandamizo mkubwa bila mota kugonga, na inapoza hewa inapoingia, kwa hiyo mota inaweza kufanya kazi vizuri zaidi kidogo. Sababu hii ya tatu inasaidia zaidi gari lenye mota ya mgandamizo mkubwa. Mota ya zamani haipati mengi hapo.

Kwa michanganyiko midogo hasara ni ndogo pia. E10 inapunguza nishati kwa karibu 3 ao 4 kwa mia tu, na dereva wa kawaida hawezi kuisikia. E20 inaongeza matumizi kwa karibu 7 kwa mia. Ni pale pombe inapopita nusu ya tanki ndipo mfuko unaanza kusikia.

Asilimia mbili zinazodanganya

Kuna kosa moja ambalo linaharibu hesabu za watu wengi. Mtu mmoja anasema: «Gari langu linaenda kilometa 23 kwa mia pungufu.» Mwingine anasema: «Langu linakunywa 30 kwa mia zaidi.» Watabishana kwamba gari la kwanza ni zuri. Kumbe wanasema kitu kimoja. Gari lililokuwa likienda kilometa 100 kwa lita 10 sasa linaenda kilometa 77 kwa lita hizo 10. Ili lifike kilometa 100, linahitaji lita 13. Kilometa zimepungua kwa 23 kwa mia, lita zimeongezeka kwa 30 kwa mia.

Kwa kutafuta bei inayolipa, kinachohitajika ni ile namba ya pili, yaani lita zilizoongezeka. Mwuzaji anayetaka kusifu mafuta yake atapenda kutaja ile ya kwanza, kwa sababu ni ndogo.

Bei inayolingana

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua bei ya lita ya esansi, gawanya kwa moja na hasara. Kama gari linakunywa 30 kwa mia zaidi, gawanya kwa 1,30. Jibu ndilo bei ya juu kabisa ya kulipia lita ya mchanganyiko. Chini ya hapo dereva anapata faida. Juu ya hapo anapoteza, hata kama kwa macho lita inaonekana rahisi.

Kwa kila 100 za bei ya esansi, bei inayolingana ni hii:

- gari likinywa 20 kwa mia zaidi: 83
- likinywa 25 kwa mia zaidi: 80
- likinywa 30 kwa mia zaidi: 77
- likinywa 35 kwa mia zaidi: 74
- likinywa 40 kwa mia zaidi: 71

Wabrazili wengi hawabebi orodha hiyo yote. Wanashika namba moja tu, 70. Wanaangalia kwenye pompi: kama pombe ni chini ya 70 kwa mia ya bei ya esansi, wanaweka pombe. Ikipita, wanaweka esansi. Namba yao ni ya chini kuliko 77 kwa sababu wanachoweka ni pombe ambayo haikuchanganywa na esansi, tena ina maji kidogo ndani yake. Kwa hiyo kuchukua 70 ya Brazili na kuiweka kwenye E85, ao kuchukua 77 ya E85 na kuiweka kwenye pombe tupu, ni kukosea hesabu tangu mwanzo.

Mfano: Kindu inalipa, Kampene hailipi

Bei zinazofuata ni za mfano, zimechaguliwa ili hesabu iwe rahisi. Kila mtu anaweza kuweka bei za siku yake mahali pake.

Tuseme pale Kindu lita ya esansi ni franka 3.500, na mfanyabiashara mmoja ameleta E85 ambayo anaiuza franka 2.600. Gari fleksi la mfano linakunywa lita 10 za esansi kwa kilometa 100, na lita 13 za E85. Bei inayolingana ni 3.500 gawanya kwa 1,30, yaani franka 2.692. Mchanganyiko uko chini ya hapo. Kwa kilometa 100, esansi ni franka 35.000, na E85 ni franka 33.800. Faida ni ndogo, lakini iko: franka 1.200.

Sasa mafuta yote mawili yapelekwe Kampene. Mwenye kubeba haulizi ndani ya bidoni kuna nini. Anahesabu lita. Tuseme anachukua franka 1.000 kwa lita. Esansi inafika Kampene kwa 4.500, E85 inafika kwa 3.600. Tofauti kati yao bado ni franka 900, sawa na ya Kindu, na mnunuzi anaweza kufikiri kwamba hakuna kilichobadilika. Lakini 4.500 gawanya kwa 1,30 ni 3.461. E85 imepita mpaka. Kwa kilometa 100, esansi ni franka 45.000, na E85 ni 46.800. Gari lile lile, mafuta yale yale, na faida ya 1.200 imegeuka hasara ya 1.800.

Sababu yake ni nyepesi ukiiangalia vizuri. Gari la E85 linahitaji lita 13 pale ambapo lingehitaji 10. Zile lita tatu za ziada nazo zimelipiwa njia. Ni franka 3.000 za usafiri peke yake, nazo zimekula faida yote na kupita. Kwa hasara ya 30 kwa mia, kila franka 1.000 za kubeba zinashusha bei inayolipa kule Kindu kwa karibu franka 231. Mfanyabiashara anayetaka kuuza E85 Kampene lazima ainunue Kindu kwa 2.461 ao chini, si kwa 2.692.

Kwa gari linalotembea kilometa 1.500 kwa mwezi, esansi ni lita 150 na E85 ni lita 195. Lita 45 za ziada ni bidoni mbili za lita 20 na zaidi, kila mwezi, kwa gari moja. Wakati wa mvua, barabara inapokatika na moto zinasukumwa ndani ya matope, bidoni hizo mbili ni safari nyingine ya mtu. Na tanki la lita 50 lililokuwa likifika kilometa 500 sasa linaishia karibu 385.

Upande wa pili wa umbali

Umbali huo huo unaweza kugeuka rafiki, kama pombe inatengenezwa karibu. Esansi ingeendelea kulipa njia, lakini pombe hapana. Katika mfano ule ule, mchanganyiko uliotengenezwa na kuuzwa Kampene ungelipa mpaka franka 3.461, wakati ule unaotoka Kindu lazima ununuliwe 2.461. Ni franka 1.000 nzima za nafasi. Na kwa sababu sehemu 15 za mchanganyiko bado ni esansi ya 4.500, pombe yenyewe ingeweza kufika karibu franka 3.280 kwa lita kabla faida haijaisha.

Malawi ndiyo mfano wa karibu wa jambo hilo. Ni nchi isiyo na bahari, esansi yake inafika kwa barabara ndefu kutoka bandari za nchi jirani. Tangu mwaka 1982 kiwanda cha Dwangwa kinatengeneza ethanoli kutokana na molasi, ile sukari nyeusi nzito inayobaki baada ya kutengeneza sukari, na ethanoli hiyo inachanganywa na esansi ya nchi. Molasi ilikuwa tayari pale, karibu na kiwanda cha sukari, na esansi ilikuwa mbali. Hesabu ya umbali ilikuwa upande wa pombe.

Kenya ilijaribu pia. Kiwanda cha Muhoroni, katika eneo la miwa karibu na Kisumu, kilianza kutoa ethanoli mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikachanganywa na esansi kwa karibu 10 kwa mia. Mwaka 1993 programu hiyo ilikuwa imesimama. Bei ya ndani haikuwalipa wote waliohusika. Kule pia magari hayakuwa ya fleksi. Kwa mchanganyiko mdogo wa namna ile, magari ya kawaida yalitosha.

Upande wa Kongo, viwanda vya sukari vinavyojulikana zaidi ni Kwilu-Ngongo, kule Kongo-Central, na Kiliba, karibu na Uvira. Vyote viko mbali na Pangi. Pombe ya kutoka huko ingekuwa na shida ile ile ya bidoni na njia.

Lutuku si ethanoli ya gari

Swali linalokuja haraka ni hili: kwa nini kutafuta mbali, na lutuku inapikwa kila mahali, ya mahindi na ya mihogo? Jibu ni maji. Lutuku ya kawaida ni karibu nusu maji. Ikimiminwa ndani ya esansi haichanganyiki. Maji yanavuta pombe yake, yanashuka nayo chini, na esansi inabaki juu. Pampu ya gari inavuta kutoka chini ya tanki. Kitakachofika kwenye mota ni maji yenye pombe, na gari litazimika.

Kuipika mara ya pili na ya tatu kunaongeza nguvu, lakini kwa moto peke yake haiwezi kupita 95 ao 96 kwa mia. Hapo pombe na maji yaliyobaki vinapanda pamoja katika mvuke. Ili kufika juu ya 99 kwa mia, kiwanda kinapitisha mvuke huo ndani ya madini maalumu yanayonyonya maji. Pombe hiyo kavu ndiyo inayochanganywa na esansi. Wabrazili wanatumia ile yenye maji kidogo, lakini ndani ya magari yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Hatari nyingine iko upande wa pili. Ethanoli ya gari inatiwa vitu vya sumu ili watu wasiinywe. Bidoni yake isikae karibu na bidoni ya lutuku, na isitumike kuweka kinywaji hata ikioshwa.

Namna ya kupima hasara ya gari lako

Namba ya 30 kwa mia ni ya mfano. Gari moja linaweza kuonyesha 24, lingine 38. Mwenye gari anahitaji namba yake, na anaweza kuipata bila mashine.

Gari linawekwa mahali palipo sawa na kujazwa esansi mpaka shingoni mwa tanki. Kilometa zinaandikwa. Kiisha linatembea kilometa 300 ao zaidi katika kazi yake ya kila siku. Linarudishwa pale pale, na kujazwa tena mpaka shingoni kwa chombo chenye alama za lita. Chupa za barabarani hazifai kwa kazi hii, kwa sababu chupa nyingi zinazoitwa lita hazijai lita. Lita zilizoingia, gawanya kwa kilometa, zidisha mara 100. Hiyo ni matumizi ya esansi.

Halafu tanki linatumiwa mpaka karibu kuisha na kujazwa mchanganyiko. Mjazo wa kwanza hauhesabiwi, kwa sababu ndani bado kuna esansi ya zamani, na kalkileta inahitaji muda wa kuzoea. Kuanzia mjazo wa pili kipimo kinaanza, kwa njia ile ile.

Tuseme esansi imetoa lita 31,2 kwa kilometa 312, yaani 10,0 kwa mia. Mchanganyiko umetoa lita 39,6 kwa kilometa 305, yaani karibu 13,0. Hasara ni 30 kwa mia. Kipimo kirudiwe angalau mara tatu kwa kila mafuta, katika majira mamoja, njia moja, na mzigo unaofanana. Esansi iliyopimwa wakati wa kiangazi na pombe iliyopimwa ndani ya matope ya Novemba hazilinganishiki: tofauti kubwa itakuwa ya barabara.

Kujua pombe ni kiasi gani

Mwuzaji anaweza kuandika E85 na ndani kuna 60, ao kuna maji. Kuna kipimo chepesi. Katika chupa nyembamba yenye alama, weka mililita 100 za maji na mililita 100 za mchanganyiko. Ziba, tikisa, acha dakika kumi, mbali na moto wowote. Pombe itahama kutoka juu na kuingia ndani ya maji. Kama mstari wa maji umepanda kutoka 100 hadi karibu 180, pombe ilikuwa karibu 80 kwa mia. Kama umefika 160, ilikuwa karibu 60. Kipimo si cha maabara, lakini kinaonyesha udanganyifu mkubwa. Kwa maji yaliyofichwa, kuna dalili nyingine: mchanganyiko mzuri unaangaza. Ukiwa na ukungu, ao ukionyesha tabaka mbili kabla hujaweka kitu, una maji.

Kama pombe ni 60 tu, gari litakunywa kidogo zaidi, karibu robo, na bei inayolingana itapanda hadi karibu 79 kwa kila 100 za esansi.

Gari lisilo la fleksi

Magari mengi yanayofika Maniema si ya fleksi. Lile la fleksi mara nyingi lina alama ya «Flex» kwenye mlango wa nyuma, ao maandishi ya E85 kwenye kifuniko cha tanki, na kitabu chake kinasema wazi. Bila alama hizo, dereva achukulie kwamba si la fleksi.

Gari la kawaida la enjekta likiwekewa E85 linakosa mafuta ya kutosha. Taa ya mota inawaka, gari linakosa nguvu kwenye mlima, linasita asubuhi, na mota inaweza kupata joto kubwa mpaka valvu ziungue. Moto ya kabureta haina sonda wala kalkileta. Tundu lake la mafuta ni lile lile siku zote, kwa hiyo hali inakuwa mbaya zaidi. Mipira ya zamani inavimba na kuvuja. Pombe pia inaosha uchafu wa tanki la miaka mingi na kuupeleka kwenye filtri, ndiyo maana hata gari linalofaa huziba filtri katika wiki za kwanza. Na magari ya mazutu, yaani malori na Land Cruiser nyingi za njia ya Kindu, hayahusiki kabisa: mchanganyiko huu ukiingia ndani yake unaua pampu.

Kule Ufaransa sheria inakubali tangu mwisho wa mwaka 2017 kisanduku kinachofungwa kwenye gari la kawaida ili lifanye kama la fleksi. Kinalipa kule kwa sababu serikali imeweka kodi ndogo sana kwenye E85, na bei yake kwa miaka mingi imekuwa karibu nusu ya esansi. Pasipo pengo kubwa hilo, hesabu ni ndefu. Katika mfano wa Kampene, tuseme mchanganyiko wa hapo hapo ni franka 3.000 na esansi 4.500. Kwa kilometa 100 dereva anabakiza franka 6.000. Kama kisanduku na kazi ya fundi ni franka 2.000.000, kitalipwa baada ya kilometa 33.333. Kwa kilometa 1.500 za kila mwezi, ni miezi 22 na zaidi, kabla ya kuhesabu filtri, na kwa sharti kwamba mchanganyiko haukukosekana hata mwezi mmoja.

Kwa sasa, basi, mtu wa Kampene anayeonyeshwa bidoni ya E85 ana maswali mawili ya kuuliza kabla ya kutoa feza. La kwanza: gari langu linakunywa lita ngapi zaidi? La pili: bei hii ni ya wapi, ya Kindu ao ya mlangoni kwangu?